Viongozi Kumi na Wanne kwa Nusu Dakika

Zahanati imekamilika, utepe umefungwa mlangoni, wananchi wamekaa chini ya turubai tangu saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi amefika saa tano. Mganga mfawidhi anaitwa kusoma taarifa ya mradi. Anaisogelea kipaza sauti, anafungua karatasi na kuanza: Mheshimiwa huyu, Mheshimiwa yule, Ndugu fulani, Mchungaji fulani. Kila jina linafuatwa na makofi. Baada ya jina la nane makofi yanapungua, baada ya la kumi na mbili hakuna anayepiga tena, na mtu mmoja nyuma anauliza kama taarifa yenyewe imeshaanza. Akimaliza yeye anasimama mtendaji wa kata, naye anaanza upya: Mheshimiwa huyu, Mheshimiwa yule.

Hesabu yake si ngumu. Cheo na jina la mtu mmoja huchukua kama sekunde nane kutamkwa kwa utulivu. Viongozi kumi na wanne ni karibu dakika mbili. Wasemaji wakiwa sita na kila mmoja akarudia orodha ileile, dakika kumi na mbili zimekwenda na hakuna aliyesema neno kuhusu zahanati. Hapo bado mshereheshaji hajamtaka kila mmoja asimame na kupunga mkono.

Hata hivyo orodha haiwezi kufutwa tu. Katika shughuli ya serikali, anayetajwa na anayetangulia kutajwa ni taarifa kwa umma kuhusu nani yupo na kwa nafasi gani. Mbunge asiyetajwa jimboni kwake hatasikiliza kilichobaki, na wapiga kura wake watakuwa wameona. Ufundi ni kutaja kwa mpangilio sahihi, kisha kujua pa kusimama.

Mpangilio wenyewe una mantiki mbili zinazokwenda kinyume, na wengi huchanganyikiwa hapo. Wasemaji hupanda: anaanza mwenyeji wa chini, anamalizia mgeni rasmi. Salamu hushuka: kila msemaji, hata wa kwanza kabisa, anaanza kumtaja aliye juu kuliko wote na kuteremka. Ndiyo sababu mwenyekiti wa kijiji anayefungua shughuli hamtaji diwani wake kwanza kwa kuwa ndiye anayemfahamu zaidi. Anaanza na mgeni rasmi, hata kama hawajawahi kuonana. Nchini Kenya ngazi hiyo ya kupanda huonekana wazi zaidi, kwa kuwa kwenye mikutano mikubwa kila kiongozi humkaribisha anayemfuata kwa cheo, mpaka Naibu wa Rais amkaribishe Rais.

Kwenye shughuli ya wilaya huko Tanzania Bara, mgeni rasmi mara nyingi ni Mkuu wa Wilaya. Ameteuliwa na Rais, anaiwakilisha serikali kuu pale, na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya. Nyuma yake wanakuja Mbunge na Mwenyekiti wa Halmashauri, ambao wote wawili wamechaguliwa, kisha Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, wajumbe wa kamati ya ulinzi, madiwani, wakuu wa idara, viongozi wa dini, viongozi wa kata na kijiji, wazee na wananchi. Mwenyekiti wa chama tawala wa wilaya akiwepo, kwa kawaida hutajwa mapema, karibu na Mbunge. Nafasi yake hasa hutofautiana kati ya wilaya na wilaya, kwa hiyo msemaji mwangalifu humuuliza Katibu Tawala kabla ya shughuli kuliko kukisia jukwaani.

Vyeo navyo vina historia yake. Wakati wa Ujamaa wito rasmi ulikuwa Ndugu, kwa kiongozi na kwa mwananchi. "Mheshimiwa" alirudi kwa nguvu mfumo wa vyama vingi ulipoingia miaka ya 1990, na leo ndiye anayetawala majukwaa. Lakini Ndugu hakufa. Ndani ya CCM bado ndiyo namna ya kuitana, na serikalini limebaki kwa watumishi: Mkuu wa Wilaya, Mbunge na Diwani ni Waheshimiwa, Katibu Tawala na Mkurugenzi ni Ndugu. Msemaji akimwita Mkurugenzi "Mheshimiwa" hakuna atakayemkemea. Akimwita Mbunge "Ndugu" kwenye shughuli ya serikali, minong'ono itaanza meza kuu.

Sasa zahanati ile. Orodha aliyokuwa nayo mganga mfawidhi mkononi, aliyoandikiwa na ofisi ya kata, ilikuwa ya namna hii: Mkuu wa Wilaya, Mbunge, Mwenyekiti wa Halmashauri, Mwenyekiti wa chama wa wilaya, Katibu Tawala, Mkurugenzi, Kamati ya Ulinzi na Usalama, Mganga Mkuu wa Wilaya, diwani wa kata, diwani wa kata jirani aliyekuja kuona, sheikh, mchungaji, mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji. Mistari kumi na minne. Kila mmoja kwenye orodha hiyo ana sababu ya kuwemo, na ndiyo maana kupunguza kwa kuchagua "wakubwa" kwa macho tu huleta balaa.

Kanuni inayookoa muda ni moja: mstari wa kukata upite kati ya ngazi na ngazi, usipite katikati ya ngazi. Msemaji anaweza kuamua kutomtaja diwani yeyote peke yake. Madiwani wote wataingia kwenye "waheshimiwa madiwani" na hakuna atakayelalamika. Anachoshindwa kusamehewa ni kumtaja diwani wa kata na kumwacha wa kata jirani aliyekaa kiti cha pili. Vilevile sheikh na mchungaji. Kuwataja wote wawili kwa majina ni sawa, kusema "viongozi wetu wa dini" ni sawa, kumtaja mmoja ni kosa ambalo mji mdogo utalijadili wiki nzima. Lawama nyingi za majukwaani hutokana na orodha iliyofika nusu ya ngazi ikachoka.

Wanadiplomasia walilijua tatizo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1661 jijini London, wafuasi wa balozi wa Ufaransa na wa balozi wa Hispania walipigana barabarani mpaka watu wakafa, wakigombea gari la nani litangulie kwenye msafara wa kumpokea balozi mpya wa Uswidi. Kongamano la Vienna la 1815 lilianza kuumaliza ugomvi huo kwa kuacha kupima ukubwa wa mfalme na kutazama tarehe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 ukaendeleza jambo lilelile: mabalozi wa daraja moja hutangulizana kwa tarehe na saa waliyoanza kazi katika nchi husika, iwe nchi yao kubwa au ndogo. Mwenye muda mrefu zaidi huwa kiongozi wa mabalozi. Faida yake kwa mwandishi wa hotuba ni kubwa, kwa sababu "Kiongozi wa Mabalozi na waheshimiwa mabalozi mliopo" hutosha kuwataja watu hamsini kwa pumzi moja bila kumshusha hata mmoja.

Mbinu hiyohiyo hufanya kazi kijijini. Mganga mfawidhi angeweza kusema hivi:

"Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wetu, Mheshimiwa Mbunge, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, viongozi wote wa chama na serikali mliopo meza kuu, viongozi wetu wa dini na wazee wetu, Mwenyekiti wa Kijiji, mwenyeji wetu, ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa."

Salamu hiyo haizidi nusu dakika, nayo imewabeba wote kumi na wanne. Mbunge na Mwenyekiti wa Halmashauri wametajwa wote wawili kwa makusudi. Hao ndio wawili ambao wilayani hupimana zaidi, mmoja akiwa na jimbo na mwingine akiwa na baraza la madiwani, na kumtaja mmoja kungekuwa kukata katikati. Baada yao mstari umekatwa, na kuanzia hapo kila mtu yumo kwenye kundi. Mwenyekiti wa chama yumo kwenye "viongozi wa chama na serikali". Pale ambapo desturi ya wilaya humtaka atajwe peke yake, ataongezwa mstari mmoja baada ya Mbunge, basi. Mwenyekiti wa kijiji ametajwa ingawa kwa cheo yuko chini ya wengi waliowekwa kwenye kundi, kwa sababu yeye hatajwi kwa cheo. Ni mwenyeji, na mwenyeji ana nafasi yake nje ya ngazi.

Maneno "itifaki imezingatiwa" yanafaa kutazamwa, maana hutumiwa vibaya kwa namna mbili. Wapo wanaoyatanguliza kabla ya kumtaja mtu yeyote, hata mgeni rasmi, kisha wakaingia moja kwa moja kwenye hotuba. Kwa mkutano wa ndani wa wafanyakazi hakuna neno, lakini mbele ya mgeni aliyesafiri saa tatu ni ufupi uliopitiliza. Wengine, na hawa ni wengi, huyasema baada ya jina la kumi na tano, halafu wakakumbuka watatu na kuwaongeza. Maneno hayo yana kazi moja tu, nayo ni kufunga mlango wa orodha. Yakishatamkwa hakuna anayeingia tena.

Umoja wa Mataifa umeyageuza kuwa utaratibu. Kwenye mikutano ya ngazi ya juu ya Baraza Kuu, ambako nchi moja mara nyingi hupewa dakika tatu tu, wajumbe huhimizwa wachukulie kwamba itifaki yote imezingatiwa na waache kuorodhesha vyeo. Bunge la Tanzania lina njia nyingine ya zamani zaidi, ambayo ni kuzungumza na kiti. Mbunge husema "Mheshimiwa Spika" na kwa kufanya hivyo amewaheshimu wote ukumbini, mawaziri kwa wabunge. Lakini hata humo muda hupotea kwa mlango wa nyuma. Hotuba za bajeti za wizara huanza kwa kumshukuru Mungu, kumpongeza Rais, kuwapongeza wateule wapya na kuwapa pole waliofiwa, na msikilizaji anayesubiri kujua bei ya mbolea hujikuta bado yuko kwenye pongezi. Kitu hicho si itifaki. Ni shukrani, na shukrani zina mahali pazuri zaidi mwishoni au kwenye maandishi yatakayogawiwa.

Salamu za imani nazo zilikuwa zikirefuka: moja kwa Waislamu, moja kwa Wakatoliki, nyingine kwa Walokole, kisha "habari za asubuhi" kwa wasioguswa na hizo. Tangu mwaka 2021, enzi ya Rais Samia Suluhu Hassan, majukwaa mengi ya serikali Tanzania yamepata salamu moja, "Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania", na hadhira ikazoea kujibu "Kazi iendelee". Mtu anaweza kuipenda au kutoipenda, lakini kwa saa ya ukutani imefanya kazi nzuri.

Orodha zenyewe zimerefuka kwa sababu za kikatiba pia, si kwa kupenda sifa tu. Mwaka 2010 ulikuwa mzito kwa waandishi wa hotuba wa pande mbili. Wazanzibari walipiga kura ya maoni mwishoni mwa Julai kuridhia serikali ya umoja wa kitaifa, na Zanzibar ikapata Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili wa Rais. Siku chache baadaye, tarehe 4 Agosti, Wakenya waliipitisha katiba iliyoleta kaunti 47, na kuanzia uchaguzi wa 2013 jukwaa la mkoani likawa na gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake na wawakilishi wadi, wote wakitarajia kutajwa mbele ya watu waliowachagua. Miaka ya mwanzo hapakuwa na makubaliano kati ya magavana na makamishna wa kaunti kuhusu nani atangulie. Tanzania nayo mwaka 2023 ikapata tena Naibu Waziri Mkuu, na mahali pake katika orodha palibidi patafutwe. Kila cheo kipya ni mstari mpya, na hakuna mstari wa zamani unaofutwa ili kukipisha.

Mtu mmoja mwenye vyeo viwili ni tatizo dogo lenye jibu rahisi ambalo husahaulika. Mbunge wa jimbo akiwa pia Waziri, hutajwa mara moja kwa cheo kikubwa na kingine hufuata: "Mheshimiwa Waziri, ambaye pia ni Mbunge wetu." Kumtaja juu kama Waziri na chini tena kama Mbunge huwafanya wageni watafute mtu wa pili ambaye hayupo.

Uwakilishi una utata zaidi. Mkuu wa Mkoa alialikwa, ikafika asubuhi taarifa kwamba ana ugeni wa kitaifa na amemtuma Mkuu wa Wilaya. Kwa siku hiyo Mkuu wa Wilaya anakaa kiti cha mgeni rasmi na anatajwa wa kwanza, lakini hachukui cheo cha aliyemtuma. Tamko ni "Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi, unayemwakilisha Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa". Akitumwa Katibu Tawala kwa niaba ya Mkuu wa Wilaya ni hivyohivyo. Anatajwa kabla ya Mbunge kwa sababu ya kiti alichokalia, ila anabaki Ndugu. Hotuba iliyochapwa jana yake na kuanza "Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa" ikisomwa bila kurekebishwa, kicheko hakizuiliki.

Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya kipaza sauti kuwashwa. Wanaofanya kazi hii kila wiki huandika ofisi kwenye karatasi kabla ya majina, kwa kuwa wakuu wa wilaya na wakurugenzi huteuliwa na kuhamishwa kwa tangazo la usiku mmoja, na jina lililokuwa sahihi Jumatatu laweza kuwa la wilaya nyingine Jumatano. Jina kamili huandikwa la mgeni rasmi tu, labda na la mtu mmoja anayemfuata, baada ya kuhakikisha linavyotamkwa. Wageni wakishaketi, mtu mmoja hupita meza kuu na kulinganisha karatasi na viti. Aliyekosekana anafutwa kwa kalamu. Kumsalimu kwa heshima zote kiongozi ambaye kiti chake ki wazi huaibisha zaidi kuliko kumsahau aliyepo, kwa maana hadhira nzima hugeuka kukitazama kiti.

Jambo la pili linalofanyika mapema ni makubaliano kati ya mshereheshaji na wasemaji. Utambulisho mrefu ufanywe mara moja, na mtu mmoja, mwanzoni kabisa, ambapo kila kiongozi husimama kwa jina na cheo. Ukishafanyika, orodha imekwisha kazi yake. Msemaji wa pili mpaka wa sita wanabaki na mistari mitatu: mgeni rasmi, "viongozi wote mliokwisha kutambulishwa", na wananchi. Mgeni rasmi mwenyewe akisimama anajiruka, kwani hawezi kujisalimu, na anaanzia kwa Mbunge. Kwa wasemaji sita mpango huu hurudisha dakika kadhaa. Kikwazo chake ni kwamba msemaji mmoja tu akirudi kwenye orodha ndefu, wanaomfuata wote huogopa kuonekana wenye dharau na kuifuata. Mshereheshaji hodari hulitaja sharti hilo anapomkaribisha kila mmoja: "Utambulisho umeshafanyika, tunakuomba uende moja kwa moja."

Mrefusho wa mwisho umo ndani ya risala yenyewe. Kwa mazoea kila aya huanza na "Mheshimiwa Mgeni Rasmi", na risala ya aya kumi na nane ina Mgeni Rasmi kumi na nane. Wito huo una maana mahali ambapo anatakiwa ageuze kichwa na kusikiliza: changamoto zinapotajwa, ombi la gari la wagonjwa linapowekwa mezani, na anapokaribishwa kuzungumza. Mara tatu zinatosha, na ombi husikika zaidi likitanguliwa na ukimya wa wito kuliko likiwa la kumi na sita katika mlolongo.

Na aliyesahaulika kabisa, ambaye mganga mfawidhi anamwona katikati ya taarifa akiwa amekunja mikono safu ya pili? Kusimama na kuomba radhi kwa sauti kubwa hulifanya kosa liwe habari ya siku. Ni bora atafutiwe nafasi ndani ya maelezo. Kama ni diwani wa kata, aya ya ujenzi wa msingi inamngoja: "Nguvu za wananchi zilihamasishwa na Mheshimiwa Diwani, ambaye tunaye hapa, kuanzia siku ya kusomba mchanga." Atapigiwa makofi akiwa peke yake, hali aliotangulia kutajwa kwenye orodha walipigiwa kwa mkumbo.